Mzinga na kombora juu ya Hanoi: jinsi ulinzi wa anga unavyofunga juu na chini

Tarehe 24 Julai 1965, ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-4 iliangushwa magharibi ya Hanoi na kombora lililorushwa kutoka ardhini. Ilikuwa ndege ya kwanza ya Marekani kutunguliwa kwa silaha hiyo katika vita vya Vietnam. Siku tatu baadaye, Wamarekani walituma ndege za F-105 kwenda kuviharibu vituo vilivyoshukiwa kurusha makombora hayo. Marubani waliambiwa waende chini sana, karibu na vichwa vya miti, kwa kuwa ilijulikana kwamba kombora la S-75 lililotengenezwa na Umoja wa Kisovieti halikuwa na uwezo wa kuipiga ndege inayoambaa na ardhi. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa upande wa kombora. Kasoro ni kwamba vituo vyenyewe vilikuwa vitupu au vya bandia, na pembeni yake ilikuwa imepangwa mizinga mingi ya kutungulia ndege ambayo ilikuwa ikiwasubiri wageni wake kwenye kimo hicho hicho. Ndege sita za F-105 zilipotea siku hiyo.

Anayesoma habari za vita hivyo kwa haraka anaweza kudhani kwamba mzinga ulikuwa silaha ya zamani iliyokuwa ikipisha njia, na kombora ndilo lililokuja kuchukua nafasi yake. Ukweli ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kilichokuwa na uwezo wa kulinda anga peke yake. Kombora lilifanya anga la juu lisikalike, likawasukuma marubani chini. Na huko chini mzinga, ambao kwa ndege ya juu ulikuwa karibu hauna maana, ukawa silaha yenye kuua kuliko zote. Ili kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo, inabidi tuanze na tatizo moja la hesabu ambalo kila mpiga mzinga wa ndege amekutana nalo tangu silaha hiyo ibuniwe.

Tatizo la muda

Ndege haisimami kungoja risasi. Tuchukue ndege ya mabomu aina ya B-52 inayoruka kwenye kimo cha kilomita 10 na nusu hivi, kwa mwendo wa mita 230 kwa sekunde. Vietnam Kaskazini ilikuwa na mizinga mikubwa ya milimita 100, ambayo risasi yake hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 900 hivi kwa sekunde na ina uwezo wa kufika kimo hicho. Hata hivyo, kadiri risasi inavyopanda, hewa na mvuto wa dunia huipunguzia kasi, na mpaka kufikia kilomita 10 inakuwa imetumia sekunde zaidi ya 20. Katika muda huo ndege imekwisha kusogea karibu kilomita tano. Kwa hiyo mpiga mzinga haipigi ndege anayoiona. Anapiga mahali anapodhani kwamba ndege itakuwa baada ya sekunde 20, na anafanya hivyo kwa kutegemea dhana kwamba rubani hatageuza usukani, hatapanda, hatashuka, wala hatabadili mwendo.

Hapo ndipo rada na kikokotozi cha mizinga vilipokuja kusaidia. Rada hupima umbali, upande na kimo. Kikokotozi hutafuta mahali pa kukutania na kutoa maelekezo kwa mizinga yote ya kikosi ipige kwa pamoja. Vifaa hivyo viliondoa makosa ya jicho, lakini havikuweza kuondoa kosa la msingi, kwa sababu risasi ikishatoka haiongozeki tena. Rubani akikunja kona kidogo tu, nyuzi chache za dira, sekunde mbili baada ya mzinga kufyatuliwa, hesabu yote inakuwa imeharibika, na risasi itakwenda kulipuka mahali ambapo hakuna kitu. Ndiyo maana katika Vita Kuu ya Pili mizinga ya Ujerumani ilihitaji kwa wastani maelfu ya risasi kuangusha ndege moja ya mabomu iliyoruka juu, ingawa ndege za wakati ule zilikwenda nusu ya mwendo wa B-52 na kwa vimo vya chini zaidi. Fyuzi ya redio, ambayo hulipua risasi yenyewe inapohisi kuwa iko karibu na ndege, iliboresha mambo kuanzia miaka ya 1943 na 1944, kwa kuwa haikuwa lazima tena kukisia sekunde ya kulipuka. Lakini haikuweza kuirudisha njiani risasi iliyopotea kwa nusu kilomita.

Kombora lilitatua jambo hilo kwa njia ambayo watu wengi huielewa kinyume. Hudhaniwa kwamba kombora linaipata ndege kwa sababu ni la kasi mno. Ni kweli kwamba S-75 ilizidi mara tatu ya mwendo wa sauti, lakini ikirushwa kwa ndege iliyo umbali wa kilomita 25 hutumia nusu dakika na ushei kuifikia. Muda huo ni mrefu kuliko ule wa risasi ya mzinga, na ndani yake B-52 hutembea kilomita saba au zaidi. Kinachoipa ubora ni kwamba hesabu ya kombora haifungwi wakati wa kurusha. Inafanywa upya mfululizo hadi sekunde ya mwisho.

Ndani ya kituo cha S-75

Batalioni moja ya S-75 ilikuwa na mitambo sita ya kufyatulia, iliyopangwa kwa duara kuizunguka rada ya kuongozea iliyo katikati, na njia za magari zikiunganisha kila mtambo na kitovu. Kutoka angani mchoro huo ulionekana kama nyota, na marubani wa picha walijifunza upesi kuutambua. Kombora lenyewe lilikuwa na urefu wa karibu mita 11 na uzito wa zaidi ya tani mbili. Lilipofyatuliwa, kipande cha nyuma chenye fueli ngumu kiliwaka kwa sekunde nne au tano tu, kikalisukuma juu na kisha kikaanguka. Baada ya hapo injini ya pili, ya fueli ya maji, ndiyo iliyoendeleza safari.

Kazi ilianza mbali. Rada ya tahadhari, ambayo ina mawimbi marefu na huzunguka ikitazama pande zote, iliona ndege kubwa za juu zikiwa bado umbali wa kilomita zaidi ya 150, ikatoa taarifa kwa kituo. Rada hiyo haina usahihi wa kutosha kuongoza kombora. Inachosema ni kwamba wageni wanakuja, kutoka upande fulani, kwa kimo cha takriban kiasi fulani. Kisha rada ya kuongozea iligeuzwa upande ule na kuanza kupapasa kipande chembamba cha anga kwa miale miwili, mmoja ukipima kulia na kushoto, mwingine juu na chini. Ndani ya gari la udhibiti walikaa watumishi watatu, kila mmoja na kioo chake: mmoja aliifuata ndege kwa upande, mwingine kwa kimo, wa tatu kwa umbali. Kila mmoja alizungusha gurudumu dogo la mkononi ili mstari wake ukae juu ya alama ya ndege, na ofisa wa kuongoza aliyekaa karibu nao ndiye aliyetoa amri ya kurusha.

Rada ile ile iliyoifuata ndege ililifuata pia kombora, kwa kuwa kombora lilibeba mkiani kifaa cha kutoa ishara. Kikokotozi kililinganisha mahali lilipo kombora na mahali lilipo lengo, kikatuma amri kwa redio: kulia kidogo, juu kidogo, sasa nyooka. Kituo kiliweza kuongoza makombora matatu kwa wakati mmoja, lakini kwa lengo moja tu, na desturi ilikuwa kurusha mawili au matatu kwa kupishana sekunde kadhaa ili rubani aliyelikwepa la kwanza akutane na la pili akiwa amekwisha kupoteza mwendo. Kichwa cha kombora kilikuwa na uzito wa karibu kilo 200 na fyuzi ya redio, hivyo halikulazimika kuigusa ndege. Kupita ndani ya makumi ya mita kulitosha kuitoboa kwa vipande vya chuma.

Hapa panaonekana pia udhaifu wake. Kwanza, kila kitu kinategemea rada inayotoa mawimbi, na anayetoa mawimbi anajulisha mahali alipo. Pili, akiba ya risasi ni ndogo: sita zikiisha, gari la kubebea lazima lilete jingine kwa kila mtambo, nalo lipakiwe kwa uangalifu. Tatu, na hili ndilo linaloturudisha kwenye mauaji ya Julai 1965, silaha hii ilikuwa kipofu karibu na ardhi.

Kwa nini chini ni kichaka cha kujifichia

Mawimbi ya rada husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia imejipinda. Antena iliyo mita tano juu ya ardhi tambarare ina uwezo wa kuiona ndege iliyo kwenye kimo cha kilomita 10 kutoka umbali wa kilomita 400 hivi, kama nguvu yake inatosha. Ndege hiyo hiyo ikishuka hadi mita 100, antena haiwezi kuiona mpaka ifike kilomita 50. Hiyo ni kwa ardhi tambarare isiyo na kitu. Palipo na vilima, na magharibi ya Hanoi vilima havikosekani, ndege inaweza kujitokeza ghafla ikiwa umbali wa kilomita 15 tu. Isitoshe, mwale wa rada unaoelekezwa chini hugonga ardhi, miti na mapaa na kurudi na mwangwi mwingi, kiasi kwamba alama ya ndege huzama ndani ya takataka nyingine kwenye kioo.

Tufanye hesabu ya ndege iliyojitokeza nyuma ya kilima kwa umbali wa kilomita 15, ikija moja kwa moja kwa mita 250 kwa sekunde. Dakika moja tu inatosha kuifikisha juu ya kituo. Watumishi watatu wakiwa hodari sana na wakaipata alama yake katika takataka zile kwa sekunde 20, ndege imebakisha kilomita 10. Kombora likirushwa papo hapo, sekunde nne au tano za mwanzo linakwenda bila kuongozwa, kwa sababu rada haijalipata bado. Baadaye lazima litulie kwenye njia yake. Kwa wastani wa mita 500 kwa sekunde katika sehemu hiyo ya mwanzo ya safari, kombora na ndege zitakutana baada ya sekunde 13 hivi, kombora likiwa limekwenda chini ya kilomita saba. S-75 za wakati huo zilihitaji umbali wa takriban kilomita saba hadi kumi kabla ya kuwa na uongozi wa kuaminika, na mwanzoni kimo chake cha chini kabisa kilihesabiwa kwa maelfu ya mita. Ndege yetu imepita ndani ya pengo hilo bila kuguswa, na mtumishi akichelewa sekunde kumi zaidi hakuna haja hata ya kurusha.

Mzinga chini ya anga la chini

Sasa turudi kwa mzinga, tuone jinsi hesabu iliyouumbua kule juu inavyogeuka huku chini. Kazi kubwa hapa haikufanywa na mizinga mikubwa ya milimita 100, bali na ile ya milimita 37 na 57, pamoja na bunduki nzito za milimita 14.5 zilizofungwa mbili mbili au nne nne. Risasi ya milimita 37 hufika mita 1,500 kwa sekunde mbili na nusu hivi. Ndege inayopita kwa kukatiza mbele ya mpigaji itakuwa imesogea mita 600, yaani karibu mara thelathini ya urefu wa F-105 yenyewe. Bado ni mbali, na askari mgeni ambaye hulenga ndege yenyewe siku zote atapiga nyuma ya mkia. Lakini kukisia mita 600 kwa kitu unachokiona kwa macho yako, mzinga ukitema risasi zaidi ya mia kwa dakika na ukiwa na wenzake watano pembeni, ni jambo tofauti kabisa na kukisia kilomita tano gizani.

Siri kubwa zaidi iko kwenye mahali mzinga unapowekwa. Ndege ya kushambulia ya wakati ule kwa kawaida haikuwa na mabomu ya kujiongoza. Ili bomu lipige daraja, rubani alilazimika kupanda ghafla, kulitafuta daraja kwa macho, kugeuza pua ya ndege chini na kushuka kwa mstari ulionyooka kwa sekunde kadhaa mpaka aachie bomu. Akiyumba katika sekunde hizo, bomu litakwenda mtoni. Mzinga uliowekwa ubavuni lazima uifukuze ndege hiyo kwa pembe inayobadilika kila nukta. Mzinga uliowekwa karibu na daraja lenyewe huiona ndege ikija moja kwa moja, na kwa mpigaji ndege hiyo karibu haisogei kulia wala kushoto, inakua tu. Kosa la kukisia linayeyuka karibu lote. Kwa sababu hiyo Wavietnamu walizungusha mizinga mingi kulizunguka daraja la Hàm Rồng huko Thanh Hóa na daraja la Long Biên pale Hanoi, nao marubani wa Marekani waliofika hapo mara kwa mara walijua kwamba hatari kubwa ilikuwa katika sekunde zile za kunyooka.

Palipokuwa na mizinga mingi na muda mchache, makamanda hawakumwacha kila mpigaji achague shabaha yake. Walitumia pazia la moto: kila mzinga ulipewa kipande chake cha anga, kwenye njia ambayo ndege ililazimika kuipita, na amri ilipotolewa wote walikijaza kipande hicho kwa risasi bila kujali ndege iko wapi hasa. Hata wanamgambo wa vijijini walifunzwa jambo hilo kwa bunduki za kawaida, wakilala chali kwa mistari na kupiga mahali pamoja mbele ya ndege. Uwezekano wa risasi moja ya bunduki kuangusha ndege ya tani ishirini ni mdogo mno, lakini bomba la mafuta ya mitambo ya usukani halina kinga, na ndege yenye mwendo wa kasi karibu na ardhi haimpi rubani nafasi ya kurekebisha kosa.

Mizinga ya milimita 57 ilikuwa na rada yake ya kulengea, ambayo ilisaidia usiku na penye mawingu. Hata hivyo nguvu ya mizinga ilikuwa kwamba haikuitegemea. Ikizimwa rada au ikivurugwa, kombora la S-75 lilibaki bila macho. Mpiga mzinga aliinua tu kichwa na kuendelea.

Rada inayowindwa

Wamarekani hawakukaa wakitazama. Kuanzia mwisho wa mwaka 1965 walianza kutumia ndege maalumu za kuwinda rada. Ndege hizo zilibeba vipokezi vilivyosikia mawimbi ya rada ya kuongozea na kuonyesha upande yanakotoka, na baadaye kidogo zikapewa kombora la Shrike lililofuata mawimbi hayo mpaka kwenye antena. Rubani wa kawaida naye aliwekewa kipokezi kidogo kilichomlilia masikioni rada ya S-75 ilipomshika. Akiliona kombora mapema, na moshi na vumbi la kufyatuliwa vilionekana vizuri siku ya jua, aliweza kulingoja likaribie, kisha akapinduka na kupiga mbizi kwa nguvu. Kombora lililokuwa na mabawa mafupi na mwendo mkubwa halikuweza kukunja kona kali kama yake. Lililomuua rubani mara nyingi ni lile lililochomoza kutoka kwenye mawingu chini yake, likiwa limebakisha sekunde chache.

Watumishi wa rada nao walijifunza. Walikaa na mawimbi yamezimwa, wakipokea taarifa kutoka rada za mbali, na wakawasha kwa muda mfupi tu kabla ya kurusha. Walipoona alama ndogo ikijitenga na ndege na kuja upande wao, walizima au waliigeuza antena pembeni ili Shrike ikose cha kufuata. Kwa kufanya hivyo waliipoteza ndege waliyokuwa wakiiongozea kombora, na hapo mwindaji alikuwa amefanikiwa hata kama hakupiga kitu. Makombora mengi yalipotea hivyo.

Swali jingine lilikuwa hili: alama iliyo kwenye kioo ni ya nani? Mizinga na makombora hayatambui rafiki yasipoambiwa. Umoja wa Kisovieti, ulipoitungua ndege ya upelelezi ya U-2 karibu na Sverdlovsk tarehe 1 Mei 1960, uliangusha pia MiG-19 yake yenyewe iliyokuwa ikiifukuza. Nchini Tanzania, mwanzoni mwa vita vya Kagera mwaka 1978, ndege za kivita za nchi zilizopita karibu na Musoma zilipigwa na ulinzi wa anga wa nchi hiyo hiyo. Ofisa aliyepewa sekunde 20 za kuamua hawezi kupiga simu kuuliza, na ndege ya chini ndiyo inayompa sekunde chache kuliko zote.

Usiku wa B-52

Jaribio kubwa la anga la juu lilikuja kati ya tarehe 18 na 29 Desemba 1972, B-52 zilipotumwa kwa wingi juu ya Hanoi na Haiphong. Usiku wa kwanza zilikuwa 129, kwa mawimbi matatu ya mashambulizi. Zilikwenda juu, usiku, kwa makundi ya tatu tatu, na kila moja ilibeba mitambo ya kuvuruga rada. Ndege hizo tatu zikiruka kwa mpangilio unaotakiwa, kelele za redio za mitambo hiyo ziliungana na kufanya kioo cha rada kijae mstari mpana wa mwanga badala ya alama tatu.

Mtumishi aliyetazama mstari huo alijua upande ambao ndege zipo, lakini hakujua umbali. Palikuwa na njia ya kurusha hata hivyo: kombora huongozwa likae juu ya mstari wa macho unaotoka kwenye rada kwenda kwenye kelele, na linapanda juu ya mstari huo hadi likutane na kilichopo. Njia hii hailielekezi kombora mahali pa kukutania mbele ya ndege, kwa hiyo kombora hulazimika kukunja kona kila wakati na hukosa mara nyingi zaidi. Lakini ndege nzito isiyokwepa, inayokwenda kwa mstari ulionyooka, inawezekana kupigwa hivyo. Tena, kelele haina nguvu ile ile kila mahali. Kadiri ndege inavyokaribia, mwangwi wake halisi huongezeka nguvu kwa haraka kuliko kelele zake, mpaka pale unapojitokeza. Watumishi wenye uzoefu waliweza pia kubaini mshipa ulio mzito zaidi ndani ya mstari na kuufuata.

Waliowasaidia zaidi, hata hivyo, ni wapangaji wa Marekani wenyewe. Kwa siku tatu za mwanzo mawimbi yote yalipita njia karibu ile ile, kwa vimo karibu vile vile, na baada ya kuachia mabomu kila ndege ilikunja kona kali kuelekea magharibi. Kona hiyo ilileta madhara matatu kwa pamoja. Ndege ilipolala ubavu, antena zake za kuvuruga ziligeuka zikaacha kuelekea vituo vilivyokuwa chini yake; ubavu na tumbo pana lilionekana vizuri zaidi kwa rada; na ikisha kugeuka, ilikutana na upepo mkali wa juu uliokuwa ukivuma kutoka upande huo, ukaipunguzia mwendo juu ya ardhi kwa karibu kilomita 180 kwa saa. Kamanda wa kituo aliyeshuhudia wimbi la kwanza alijua wimbi la pili litakunja kona wapi. Usiku wa tarehe 20 B-52 sita zilipotea. Nne kati yake zilikuwa za aina ya G, ambazo baadhi hazikuwa zimepewa mitambo mipya ya kuvuruga.

Mizinga mikubwa ilipiga pia usiku huo, na milipuko yake ilionekana angani, lakini zile B-52 15 ambazo Marekani inakiri kupoteza katika kampeni nzima ziliangushwa na S-75. Vietnam inatoa idadi kubwa zaidi, ikihesabu kuwa ndege za kivita zake nazo zilichangia. Hata ukichukua hesabu ya chini, ni ushahidi tosha wa kile kilichoelezwa juu: kwa kimo cha kilomita 10, mzinga ulikuwa unapiga mahali ndege ilipotarajiwa kuwa, na kombora lilikuwa linapiga mahali ilipo.

Baada ya mapumziko ya Krismasi mpango ulibadilika. Tarehe 26 Desemba takriban B-52 120 zilifika kutoka pande mbalimbali na kwa vimo tofauti, na zote ziliachia mabomu ndani ya robo saa. Badala ya lengo moja, mbele ya kila kituo palikuwa na malengo mengi kwa dakika hizo chache, na mitambo sita ikimaliza makombora yake hakukuwa na muda wa kupakia upya kabla shambulio halijaisha. Ndege mbili zilipotea usiku huo, mbili usiku uliofuata, na tarehe 28 na 29 haikupotea hata moja. Kupungua kwa akiba kulichangia. Kombora la S-75 halikai tayari kwenye sanduku kama risasi ya mzinga: lazima liunganishwe, lipimwe mitambo yake na kujazwa fueli ya maji yenye sumu kali, kazi inayofanywa na kikosi maalumu kwa saa nyingi, na vituo vya kazi hiyo vilikuwa vimeanza kupigwa.

Katika usiku zile zile ndege za F-111 zilipita chini ya yote hayo. Kila moja ilikwenda peke yake, gizani, kwa kimo kisichozidi mita mia chache, rada ya puani ikiiongoza ipande na kushuka pamoja na ardhi. Makombora hayakuwa na la kufanya nazo. Mizinga nayo ilizisikia baada ya kupita, kwa kuwa giza lilikuwa limeyafumba macho ambayo ndiyo yaliyoipa nguvu mchana. Zilizopotea katika kampeni hiyo ni mbili tu.